Jumatatu ya Marehemu

Simu ililia Ijumaa mchana, Korina akiwa kajipinda anafuta jiwe la kaburi la baba yake kwa kitambaa cha maji. Alikuwa ni Bi Luminita, karani wa likizo wa kiwanda cha nyaya za magari alikokuwa akifanya kazi, huko Iasi, ng'ambo ya mto, Romania.

"Korina, mama, Jumatatu uko zamu ya asubuhi, unajua?"

"Jumatatu si ni sikukuu, Bi Luminita. Pasaka ya Marehemu."

"Huko kwenu Moldova. Huku ni Jumatatu tu, kama Jumatatu yoyote."

Korina akakaa ukingoni mwa kaburi. Moyo haukushtuka. Tangu Januari moyo wake haukuwa ukishtuka. Baba alizikwa mwezi huo, yeye akiwa kwenye mstari wa kiwandani anafunga nyaya, kwa sababu mkataba ulikuwa mpya na hakuthubutu kuomba ruhusa. Hata machozi hayakuja. Alijiambia basi, nitakuja kwenye Pasaka ya Marehemu, siku ambayo kijiji kizima kinakula na wafu wake makaburini. Hiyo sitaikosa.

"Lakini nilihesabu," akasema. "Nina siku sita. Kuanzia Jumanne tarehe thelathini mpaka Jumatatu ya kumi na tatu. Nikatoa wikendi, nikatoa sikukuu, zikabaki sita."

"Ulitoa sikukuu zipi?"

"Mei Mosi. Jumatatu ya Pasaka. Tarehe tisa. Na hiyo ya marehemu."

Bi Luminita akaguna. "Tarehe tisa huku tunafanya kazi, binti yangu. Na hiyo ya marehemu pia. Halafu Ijumaa Kuu, huku tunapumzika, wewe umeihesabu siku ya kazi. Umepata moja, umepoteza mbili. Siku za kazi ni saba. Wewe unazo sita."

"Si Horia alisaini fomu!"

"Horia anasaini hata karatasi ya vitunguu. Mfumo ndio umekataa, leo nilipokuwa nafunga mahudhurio."

Horia ndiye msimamizi wa mstari. Alishawaambia wote: mikataba inaisha mwisho wa Mei, na mwenye siku hata moja ya utoro asisumbuke kuja kuulizia mpya.

"Cha kuudhi," Bi Luminita akaongeza, sauti imepungua, "Jumanne ile ya tarehe thelathini ungeingia kazini, likizo ukaanzia Alhamisi, zingekutosha sawasawa. Na Jumatatu ungekuwa nayo."

Jumanne ile Korina alikuwa amelala. Siku nzima, kitandani kwa baba, viatu mguuni.

Jioni shangazi Zina, dada wa marehemu, akasikia habari huku anakanda unga wa mikate ya duara, ile inayogawiwa watu pamoja na yai na mshumaa kwa ajili ya wafu.

"Basi usiende! Kiwanda hicho kitakuzika?"

"Nikifukuzwa narudi hapa, shangazi. Kufanya nini?"

"Kunisikiliza mimi nikikoroma." Akapiga unga kofi. "Nenda Jumapili basi. Ila baba yako atasema: huyu kaja mazishi yameisha, na karamu kaondoka chungu hakijachemka."

Korina akatabasamu kidogo, mdomo tu.

Jumapili akapanda basi. Mpakani foleni ilikuwa ndefu, ya watu wanaokuja, siyo wanaotoka. Wote walibeba maua. Askari akaangalia pasipoti yake, akamwangalia usoni. "Wewe ndio unaondoka leo?" Akagonga muhuri.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa mahali pake kwenye mstari. Waya mwekundu, waya wa bluu, funga, sukuma. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

Saa ya chai akafungua mfuko ambao shangazi Zina aliutia kwenye begi lake bila kumwambia. Mikate ya duara, mayai mekundu, mishumaa midogo. Akakaa akaitazama. Kisha akainuka, akaenda meza ya kwanza.

"Chukua. Kwa ajili ya baba yangu, Petru."

"Mungu amrehemu," mwenzake akajibu, akapokea kwa mikono miwili.

Akapita meza ya pili, ya tatu. Horia naye alipokea, kwa aibu kidogo, mshumaa akautia mfukoni mwa koti. Mwisho akapanda ngazi mpaka ofisini kwa Bi Luminita. Kwenye kioo cha kompyuta jina lake lilikuwa na alama ya kijani: yupo.

"Kwa ajili ya baba yangu."

"Mungu amrehemu, binti yangu." Bi Luminita akaushika mkate, hakuuweka chini. "Anaitwa nani?"

"Petru," Korina akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sauti ikamkwama. Kengele ikalia. Akarudi kwenye mstari.