Kikapu Kimejaa

Baba yetu, Wahome, mkulima wa chai huko Othaya, aliandika kila ujumbe kwa herufi kubwa. MVUA IMENYESHA. NG'OMBE AMEZAA. NIMERUDI KANISANI. Hakuomba kitu wala kuuliza swali. Meseji zake zilikuja jioni, baada ya majani ya chai kupimwa kituoni, na mwisho aliandika BABA kana kwamba hatumjui.

Kaka yangu Muchiri, anayeuza mchele Wang'uru, aliacha kumjibu.

"Huyo mzee ananipigia kelele," aliniambia kwenye simu. "Ati mvua imenyesha. Anamaanisha siendi nyumbani."

"Huniandikia mimi hivyo hivyo. Na Phyllis, jirani yake, pia. Amekasirikia Othaya yote?"

"Wewe Nyawira umekuwa wakili wake."

Nilikuwa nimezisoma meseji zake za miaka miwili zote. Hata pole ya msiba aliiandika hivyo. Basi herufi zenyewe hazikuniambia kitu. Niliangalia saa na maneno.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nikiwa dukani mjini Chaka, uliingia ujumbe huu: NIMEKAA CHINI. KIKAPU KIMEJAA. Dakika tatu baadaye ukaja tena, neno kwa neno. Hakuandika BABA.

Muchiri pia aliupata. Nilipompigia alicheka kidogo. "Sasa anataka nikamchumie chai."

"Muchiri, baba hawezi kukaa na kikapu kimejaa."

Tumelelewa kwenye chai sote. Majani yakibanwa kikapuni hushika joto, yakawa mekundu, na karani wa kituo huyakataa. Kikijaa, baba alikuwa akiyamwaga kivulini hata kabla ya kunywa maji.

Nilimpigia baba mara mbili, hakushika. Nikampigia Phyllis, akaingia shambani na simu mkononi. Nilisikia matawi yakimgonga.

"Nimempata," alisema. "Amekaa katikati ya michai. Kikapu bado kiko mgongoni. Mkono wa kushoto hauinuki."

Phyllis na majirani walimfikisha hospitalini kabla ya saa sita. Daktari alisema damu haikuwa imefika upande mmoja wa ubongo, na kwamba mtu akiachwa shambani hadi jioni hafiki akiwa hai.

Muchiri alifika siku hiyo hiyo, viatu vikiwa na matope ya Wang'uru. Alikaa kitandani kwa baba, akamuuliza.

"Baba, ulikuwa unanigombeza na zile meseji?"

Maneno ya baba yalitoka polepole, mdomo ukiwa umepinda.

"Nikugombeze, si ningekupigia. Zile herufi ndogo sizioni."

"Sasa za mvua zilikuwa za nini?"

"Mvua ilikuwa imenyesha."

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Muchiri alilala Othaya siku hizo zote, akimnyoa ndevu na kumlisha uji.

Simu ya baba ninayo mimi. Jioni Muchiri huniandikia kutoka Wang'uru, kwa herufi kubwa: MPUNGA UMEANIKWA. Ninamjibu kwamba Chaka kuna upepo.