Kimya cha Hisa za Vifungo

Ofisini walimwita Mikanda, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mchambuzi wa hisa katika kampuni ya uwekezaji, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini mbili na kuishauri kampuni inunue hisa gani kwa fedha za wateja. Wateja wenyewe walikuwa wauguzi, walimu na wastaafu, watu walioweka akiba yao mle kwa kuamini kwamba mwenye skrini mbili huona mara mbili.

Jina lilitokana na programu aliyoitengeneza mwenyewe kwa mikanda ya Bollinger. Kila hisa ilichorewa mstari wa wastani wa bei za siku ishirini, halafu mkanda mmoja juu ya mstari huo na mwingine chini yake, kila mmoja ukikaa umbali wa mikengeuko sanifu miwili, yaani kipimo cha jinsi bei zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Bei zikirukaruka, mikanda hutanuka, zikitulia, husogeleana. Hisa ambayo mikanda yake imebanana kuliko wakati wowote wa miezi sita iliyopita iliwashiwa taa ya njano. Huo ndio ulioitwa mbano. Maana yake bei imetulia kupita kawaida, na baada ya utulivu wa namna hiyo mara nyingi huja mruko. Kama mruko utakuwa wa kupanda au wa kushuka, mikanda haisemi.

Mikanda alilijua hilo vizuri. Lakini kwenye mkutano wa Jumatatu, mtu anayesema "itaruka, ila sijui upande gani" hapewi kiti karibu na mkurugenzi. Kwa hiyo alisema "itapanda". Hisa ikipanda, alikuwa amesema. Ikishuka, soko lilikuwa limekosa nidhamu. Juu ya meza yake alibandika karatasi yenye methali, *Kimya kingi kina mshindo mkuu*, na wageni walipopita aliinyooshea kalamu kama mtu anayeonyesha shahada.

Tatizo lilianzia kwa mkurugenzi, mama mmoja mrefu aliyependa taa. Alianza kulalamika kwamba programu imepoa, inawaka mara mbili tu kwa mwezi, na wateja wakitembelea ofisi wanakuta skrini nyeusi kama msibani. Akamwomba Mikanda aichangamshe. Sasa, ndani ya programu kulikuwa na kizuizi kidogo: hisa isiyouzwa wala kununuliwa kwa wingi wa kutosha kila siku haikupimwa kabisa. Mikanda alikuwa amekiweka mwenyewe siku alizokuwa bado mwoga. Alikitoa kabla ya chakula cha mchana. Kufikia saa tisa, taa kumi na moja zilikuwa zinawaka, na mkurugenzi alimletea chai kwa mkono wake.

Taa iliyong'aa kuliko zote ilikuwa ya kiwanda cha vifungo. Kiwanda hicho kiliingia sokoni zamani, wakati mwasisi wake akiwa hai na watu wakishonesha mashati. Siku hizi hisa zake zilikaa tu. Siku ambayo hakuna anayeuza wala kununua, soko huandika bei ile ile ya jana, na kesho yake ile ile tena. Kwa hiyo kwa siku ishirini bei haikusogea hata senti, mkengeuko ukawa sifuri, na mikanda yote miwili ikalala juu ya wastani kama mistari mitatu iliyochorwa na kalamu moja. Mikanda hakuwahi kuona mbano wa namna ile. Aliipiga picha skrini kwa simu.

Jioni alimweleza mkewe huku wakila. Mkewe alifundisha hesabu shule ya sekondari na hakuwa mtu wa kutishwa na neno mkengeuko, lakini Mikanda aliona ni vyema arahisishe. Akamwambia afikirie watoto wao wawili chumbani. Wakipiga kelele, hakuna shaka. Wakinyamaza ghafla kupita kawaida, mzazi mwenye akili huinuka, kwa sababu kuna jambo linapikwa.

Mkewe alitega sikio upande wa chumba cha watoto, ambako hakukusikika kitu.

"Au wamelala, baba watoto," akasema, na kuendelea kula.

Mikanda alicheka kwa huruma ya mtu anayemhurumia asiyeelewa soko.

Jumatatu alisimama mbele ya mkutano na picha yake. Alisema mbano huu ni wa kihistoria, kwamba fedha nyingi zimejikunja mle kama chui, na kwamba itapanda. Mkurugenzi akauliza ni kiasi gani wanunue. Mikanda akasema kingi.

Aliyetumwa kununua alikuwa dalali wa kampuni, mama aliyekaa sokoni miaka mingi kuliko umri wa kompyuta zao, na ambaye alikuwa na shahada mbili asizozitaja. Baada ya nusu saa alipanda ngazi, akasimama mlangoni kwa Mikanda akihema. Alisema hakuna wauzaji. Hisa ile haijauzwa kwa wiki tano nzima.

Hapo Mikanda angeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Badala yake macho yalimng'aa. Akamwambia dalali kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe: wenye hisa wamezishikilia kwa sababu wanajua kinachokuja. Mkurugenzi, aliyesikia kupitia mlango uliokuwa wazi, alikubali kwamba watu hawang'ang'anii kitu cha bure.

Dalali aliwatazama wote wawili kwa zamu. Kisha akavuta kiti.

"Mwanangu, bei ikishakaa siku kumi na tisa bila kusogea, ya ishirini ikipanda hata senti moja, itapasua mkanda wa juu. Hiyo ni hesabu tu. Wala haihitaji kiwanda kiwe na mteja."

Mikanda alimjibu kwa heshima zote kwamba hesabu na soko ni ndugu. Dalali akasimama, akarudisha kiti mahali pake, na kwenda kufanya alichotumwa. Alipandisha bei kidogo, hakuna aliyejitokeza. Akapandisha tena. Upande wa pili wa mji, binti wa mwasisi wa kiwanda alipigiwa simu na wakala wake kwamba kuna mtu anataka kununua, na kwa muda hakuamini kwamba wanazungumzia vifungo.

Aliuza. Bei ikafungwa juu ya mkanda wa juu, mikanda ikatanuka kama mdomo wa kiboko, na programu ya Mikanda ikawasha taa ya kijani iliyosema mruko umethibitika. Ofisi nzima ilisimama kwenye skrini yake. Mkurugenzi akaamuru waongeze. Walipoongeza, bei ilipanda zaidi, na kwa kuwa imepanda zaidi waliongeza tena. Kaka yake yule binti akauza. Binamu zao wakauza. Mwishoni akauza mjane wa mwasisi mwenyewe, bibi aliyekuwa akisimamia kiwanda tangu mumewe afariki, na aliyesubiri kwa miaka mtu wa kumtua mzigo wa hisa; kiwanda chenyewe aliachiwa aendelee kukisimamia. Kila siku programu ilishangilia, na hakuna aliyejiuliza huyo mnunuzi mkubwa sokoni ni nani. Alikuwa wao.

Hisa zilipokwisha, ununuzi ulikwisha, na bei ikasimama pale juu ilipoachwa. Kilichofuata kingemwaibisha mtu mwingine yeyote. Kwa kuwa hakuna aliyenunua wala kuuza, soko liliendelea kuandika bei ile ile ya juu kila siku, na taarifa za kampuni zikaonyesha faida nono isiyotikisika. Bei isiyotikisika, kwa vipimo vya vitabuni, ndiyo bei isiyo na hatari. Chama cha wawekezaji kikampa mkurugenzi tuzo ya mfuko wa uwekezaji wenye faida kubwa na mtikisiko mdogo. Alipanda jukwaani amevaa gauni la samawati na kushukuru timu yake. Mikanda alipewa ofisi yenye dirisha.

Alikaa dirishani miezi kadhaa. Kisha wauguzi wakaomba akiba yao.

Hawakuwa na nia mbaya. Chama chao kilitaka kujenga zahanati, wakaandika barua ya kawaida kuomba fedha zilizokuwa zikisifiwa kwenye taarifa. Mkurugenzi akamwagiza dalali auze hisa za vifungo. Dalali aliziweka sokoni asubuhi. Hadi jioni hakuna aliyeuliza. Akapunguza bei, akapunguza tena, na kila alipopunguza mkanda wa chini ulipasuka kirahisi kama ule wa juu ulivyopasuka. Mikanda alikuja mwenyewe hadi mezani kwake na kumnong'oneza aongeze bidii.

"Bidii ya nani?" dalali alimuuliza. "Kila aliyekuwa akiuza hisa hizi alituuzia sisi. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye ni wewe."

Mwishoni mnunuzi alipatikana. Alikuwa yule mjane. Alitoa chini ya robo ya bei waliyomlipa, na wakala wake alisema bibi hana haraka, anaweza kusubiri hata mwaka. Wauguzi walikuwa na haraka. Mkurugenzi alitia sahihi akiwa amegeuza uso dirishani.

Kikao cha kumhoji Mikanda kilifanyika siku ya mvua. Walimuuliza programu ilikosea wapi. Alijibu kwamba haikukosea. Ilisema kuna utulivu usio wa kawaida, na kwamba huenda ukafuatwa na mruko. Upande haikusema, kwa sababu huwa haisemi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo hadharani, na aliyasema kwa ufasaha kiasi kwamba mjumbe mmoja aliyaandika. Hakufukuzwa. Mkurugenzi angelazimika kufukuzwa pamoja naye, kwa hiyo kampuni iligundua kwamba lilikuwa suala la mafunzo, na Mikanda akateuliwa kuwafundisha vijana wapya.

Ilibaki kukabidhi hati za hisa kiwandani, na alitumwa yeye. Alimkuta mjane kwenye ghala, miwani imemshuka puani, akipanga masanduku na fundi mmoja. Mikanda alimwamkia kwa shikamoo, akaitikiwa, akapewa kiti. Bibi alisoma hati zote ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza alisema anamshukuru sana. Kwa tofauti ya bei waliyomlipa na aliyowarudishia amebadilisha mashine mbili, na sasa anatengeneza vifungo vya sare za shule, biashara aliyoiota tangu zamani lakini alikosa mtaji.

Kisha akamtazama kama mtu anayetazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Ila niambie, mwanangu. Mlipokuja kununua kwa fujo vile, nilifikiri mna siri. Mliona nini kwetu?"

Mikanda alifungua mdomo. Alikuwa na maelezo ya wastani wa siku ishirini, ya mikengeuko miwili, ya upana uliofika sifuri. Akatazama rafu zilizojaa masanduku yenye vumbi la miaka.

"Tuliona mmenyamaza sana, bibi," akasema.

Mjane alitikisa kichwa taratibu, akamwomba fundi amsindikize mgeni hadi getini, kwa kuwa njia ya nyuma ilikuwa na matope.