Vijiko Vinane vya Chumvi

"Umenichosha, Adhiambo!" Mama Zilpah, mwenye bekari, alipiga meza kwa kiganja. "Vijiko vinane, siku zote ni vinane. Kesho ukinipa tena mkate wa chumvi namna hii, vua aproni uende."

Adhiambo, mgeni wa siku mbili tu kazini, alitamani kulia kwa hasira. Vijiko vinane vikubwa, vilivyosawazishwa kwa kisu, kwa kilo tano za unga: ndivyo karatasi ya ukutani ilivyosema, na ndivyo alivyofanya. Ajabu ni kwamba donge lilisuasua kuumuka, na mkate wenyewe, mh, mtu alikunywa chai vikombe vitatu kuumaliza. Mara ya kwanza Zilpah alilaumu iodini iliyomo kwenye chumvi ya dukani, eti inazuia donge kuumuka. Adhiambo akahangaika soko zima la Migori mpaka akapata chumvi laini isiyotiwa iodini. Vijiko vinane, mkate uleule!

"Mama, ulipoandika hii karatasi, ulikuwa unatumia chumvi gani?"

"Ya mawe. Iliisha mwezi wa tatu. Kwani chumvi si chumvi?"

 Adhiambo alikung'uta gunia kuukuu stoo, akapata konzi mbili za mawe ya chumvi, akachukua na kile kijiko na chumvi laini za aina mbili, yenye iodini na isiyo nayo, akavuka barabara kwa Maroa, mnunuzi wa dhahabu.

"Nipimie."

"Dada, hapa ni dhahabu," Maroa alicheka. "Ukitaka ugali nenda hotelini."

"Maroa, nitafutwa kazi! Pima!"

Akapima. Kijiko cha chumvi ya mawe: gramu kumi na mbili. Cha laini: kumi na nane. Cha laini yenye iodini: kumi na nane vilevile.

"Mawe yanaacha nafasi katikati," Maroa alisema, sasa bila mzaha. "Laini inajaa yote. Na iodini ni kidogo mno, hata mzani wangu hauioni."

Siku mbili nzima ametukanwa kwa sababu ya hewa! Adhiambo alipiga hesabu palepale: vijiko vinane vya mawe ni gramu tisini na sita. Alimwambia Maroa apime chumvi ya kawaida ya dukani, yenye iodini, mpaka ikafika hapo. Ilikuwa vijiko vitano na kidogo.

Kesho yake mikate iliumuka ikajaa tanuri. Zilpah alimega, akatafuna, akamega tena. Adhiambo alimweleza yote, kwa hasira ambayo haikuwa imeisha.

Zilpah aliketi juu ya kreti.

"Bhoke," alisema. "Aliyefanya kazi hapa kabla yako. Nilimfukuza mwezi huu wa nne. Alilia akisema amepima vinane, nikamwita mwongo mbele ya wateja."

Adhiambo alichukua simu ya Zilpah kutoka mezani, akamwekea mkononi.

"Mpigie."

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie alipima vinane."