Madoa ya Nusu Njia

Daktari Angwenyi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata Persis Nyangate, aliyemdharau kuanzia utosini hadi unyayoni, hakuweza kumnyima: alijua kuhesabu. Umwonyeshe madoa kwenye skrini, atakuhesabia yote bila kukosea. Kuuliza madoa yametoka wapi, hiyo aliwaachia wengine.

Kwa miaka miwili, katika maabara ya chuo jijini Nairobi, mwingine huyo alikuwa Persis. Yeye ndiye aliyepasua fuwele ya silikoni ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ili uso mpya usichafuke, kisha akaupiga kwa elektroni za nguvu ndogo. Elektroni hizo hazizami ndani. Hurudi na habari za tabaka chache za juu tu, zikiwasha madoa ya kijani kwenye skrini. Madoa makuu hufuata mpangilio wa atomi ulio ndani ya fuwele. Lakini baina ya makuu palikuwa na mengine hafifu, nusu njia kabisa, katika pande zote tatu ambazo mistari ya atomi za uso ule huelekea. Ilimaanisha kwamba atomi za juu zimejipanga upya, na mpangilio wao unajirudia kwa umbali maradufu.

"Mbili kwa mbili!" Angwenyi akatangaza, yaani maradufu kwa urefu na kwa upana, akaandika makala ya kurasa kumi na nne. Jina la Persis likawekwa la pili. Akitia sahihi, shahada yake ya uzamili imepita. Asipotia, atafute msimamizi mwingine, na chuoni hapakuwa na mwingine.

Ijumaa moja ya Agosti 1974, Persis akatoka kwao Birongo kumfuata Angwenyi kijijini Nyamache, alikokuwa likizoni. Alimkuta barazani kwake amefunga tai, kana kwamba migomba ingemwandikia cheti cha uprofesa.

"Persis, mwanangu, tia sahihi upesi," alisema. "Nataka kuifunga bahasha leo, na jua likitua ni Sabato. Mimi sifanyi kazi Sabato."

Persis akaweka picha mezani. "Daktari, nimesogeza fuwele milimita mbili. Nguvu ya elektroni ni ile ile. Tazama."

Madoa ya nusu njia yalibaki upande mmoja tu. Pande mbili nyingine yalikuwa yametoweka.

"Kasoro ya filamu."

"Si kasoro. Ingekuwa mbili kwa mbili, yasingetoweka." Akaonyesha ng'ambo, ambako Angwenyi na ndugu zake wawili walikuwa wamegawana kilima na kila mmoja akapanda chai kwa mistari ya upande wake, kwa ukaidi mtupu. "Ukiyapiga picha mashamba yote matatu pamoja, utaona mistari ya pande tatu. Ukiingia shamba moja, ni upande mmoja. Elektroni zetu zilikuwa zinaangukia vishamba vitatu kwa mpigo. Kila kimoja ni mbili kwa moja, maradufu upande mmoja tu. Vikijumlishwa ndipo vinafanana na mbili kwa mbili."

Alingoja uso ule ubadilike. Haukubadilika. Angwenyi alikunywa chai yake, akaingia ndani kutafuta kalamu.

Persis akafungua bahasha ya makala atafute picha ya kwanza alinganishe. Chini kabisa akakuta nyingine, yenye madoa ya upande mmoja. Nyuma palikuwa na mwandiko wa Angwenyi: Februari, milimita mbili kushoto, isichapishwe.

Miaka miwili amemwona mjinga, kumbe kwa kumwona hivyo alikuwa akimpa heshima. Mjinga angefundishika.

"Ulijua," alimwambia aliporudi.

Angwenyi hakuona haya. "Mbili kwa moja imeshaandikwa na kila mzungu. Nani atanipa uprofesa kwa jambo la zamani? Shika kalamu. Bila mimi huna shahada."

Persis akaishika kalamu. Akakata jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, akakata na la kwenye shukrani, akazitia picha zote mbili, yake na ile ya Februari, mkobani. Hakufanya haraka, kwa sababu miaka miwili ni miaka miwili.

Jua liligusa kilima. Angwenyi akalamba bahasha harakaharaka, akaibana kwa kiganja kabla mwanga haujaisha, kisha akachukua kitabu chake cha nyimbo.

"Na hizo picha," aliuliza, sauti imepungua, "utazifanyia nini?"

"Nitawaandikia wahariri wa jarida, nizitie ndani ya barua," Persis akasema, akishuka ngazi. "Jumapili, Daktari. Mimi pia sifanyi kazi Sabato."