Mara Mia Mbili Arobaini na Sita

Kila Jumatatu asubuhi seva ilimletea Selina barua pepe. Fundi aliyeifunga, Vitalis, ndiye aliyeiandikia programu ya kusoma kumbukumbu za wiki nzima na kuhesabu: jina gani limejaribu kuingia likashindwa, mara ngapi, na kutoka kompyuta ipi. Selina alikuwa katibu muhtasi, si mtaalamu wa kompyuta. Lakini kampuni ya Bwana Shashikant, iliyouza pampu za maji ghorofa ya kwanza Mtaa wa Mkunguni, ilikuwa na watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kulinda seva. Kazi ikamwangukia yeye kwa sababu anajua kuchapa.

"Usitishike na namba kubwa," Vitalis alimwambia siku ya kumwelekeza. "Bosi anataka kusoma barua zake akiwa Dubai, kwa hiyo seva inaonekana kutoka nje, na huko nje kuna mashine zinabahatisha majina usiku na mchana. Utaona root mara elfu tatu, admin mara elfu mbili. Hizo ni kelele. Wewe angalia mstari wa mwisho: aliyeshindwa mara chache, kisha akaingia. Huyo ndiye wa kuulizia."

Wiki za mwanzo Selina alipeleka kurasa nne kwa bosi. Bwana Shashikant alizifunua kama mtu anayepitia menyu ya hoteli asiyokusudia kula.

"Selina, mimi nauza pampu. Nipe ukurasa mmoja. Majina makubwa tu."

Akafanya hivyo. Aliondoa wote walioshindwa chini ya mara kumi, akaondoa na safu ya kompyuta na ule mstari wa mwisho, maana havikutosha kwenye ukurasa. Ripoti ikawa safi, jedwali limenyooka, na bosi akawa anaitia kwenye faili bila kuisoma.

Zile namba za nje hata hivyo zilimtia wasiwasi. Jumatatu moja ya mwezi wa tisa aliandika tangazo, akalibandika karibu na birika la chai: kila mtu abadilishe neno lake la siri, asitumie jina la mtoto wala namba ya simu. Kartik, mpwa wa bosi aliyekuwa upande wa mauzo, alilisoma kwa sauti akicheka. Bi. Harshida, mke wa bosi, ambaye ndiye aliyekuwa akiandaa nyaraka za zabuni, alisema atafanya wiki ijayo. Mzee Eliasi peke yake ndiye aliyekwenda kwenye meza ya Selina jioni ileile.

"Nielekeze, mwanangu. Macho haya hayaoni vizuri kwenye kioo."

Mzee Eliasi alikuwa mkuu wa ghala, mtu wa Masasi, miaka kumi na saba kwa Bwana Shashikant. Yeye ndiye aliyemleta Selina kazini, alipomwendea bosi na kumwambia binti wa jirani yangu Ilala anajua kuchapa na hana maneno mengi. Selina alisimama nyuma ya kiti chake, akamwonyesha pa kubonyeza. Mzee akaandika neno jipya taratibu, herufi moja moja, kisha akacheka kidogo lilipokubali.

Wiki ileile zabuni ilikuwa mbioni. Halmashauri moja ya mkoani ilitaka pampu arobaini za visima. Tangu biashara ya kuagiza nje ilipofunguliwa kwa wote, kila mtaa wa Kariakoo ulikuwa na mwagizaji wake, na Bwana Shashikant alikuwa amepiga hesabu za bei mpaka akakonda. Karatasi ya bei ilikuwa kwenye sanduku la barua la Bi. Harshida katika seva. Ijumaa bahasha zilifunguliwa. Kampuni ya Mtaa wa Swahili iliwashinda kwa bei ya chini kidogo sana kwenye kila kipengele, kuanzia pampu yenyewe mpaka mabomba na usafirishaji. Kila mahali palikuwa pamepunguzwa kiasi kilekile.

"Waliiona karatasi yangu," Bwana Shashikant alisema Jumatatu asubuhi, amesimama katikati ya ofisi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Waliisoma. Selina, leta ile ripoti yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kuiomba. Selina aliichapa kwa kitu kilichofanana na fahari. Chini ya majina ya kelele, root na admin na test, palikuwa na jina moja tu la mtu wa ofisini: Eliasi, mara 246.

Bwana Shashikant aliisoma mara mbili.

"Mia mbili arobaini na sita," alisema. "Wiki moja. Mwiteni."

Mzee Eliasi aliingia na penseli sikioni. Bi. Harshida alikuwepo, Kartik alikuwepo, ameegemea kabati la mafaili. Bosi akamsogezea karatasi.

"Ulikuwa unatafuta nini humo, Eliasi?"

"Humo wapi, bosi?"

"Kwenye seva! Umegonga mlango mara mia mbili arobaini na sita!"

Mzee alivaa miwani, akaitazama karatasi, akamtazama Selina. "Mimi nafungua barua zangu, nazisoma, nafunga. Neno la siri nilibadilisha Jumatatu. Selina alinielekeza."

"Ni kweli alibadilisha," Selina alisema.

"Na hizi mia mbili?"

Wote wakamgeukia. Selina alijua alichoambiwa na Vitalis kuhusu namba kubwa. Lakini Vitalis alikuwa amesema juu ya majina ya nje, na hili lilikuwa jina la ndani, na kwa dakika ile, akiwa ametazamwa na watu wanne, aliiamini karatasi yake mwenyewe kuliko alivyomwamini mzee.

"Mashine ndiyo inavyosema," alijibu.

Saa sita Mzee Eliasi alikuwa ameshuka ngazi na mfuko wa plastiki wenye kikombe, miwani ya akiba na koti la kazi.

Jumatano bosi akamwagiza Selina alifunge jina la Eliasi kwenye seva. Alifungua kumbukumbu kamili, siyo muhtasari, ili ahakikishe limefungika. Akakuta mistari mipya. Eliasi, ameshindwa, saa mbili kamili asubuhi. Eliasi, ameshindwa, saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na dakika ishirini. Leo hii. Na jana ilikuwa hivyohivyo, mara hamsini na nne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja kasoro dakika kumi, bila kukosa hata moja, hata saa ya chakula.

Mzee Eliasi alikuwa nyumbani kwake Ilala tangu juzi.

Kila mstari ulikuwa na namba ya kompyuta. Haikuwa ya meza ya mzee. Selina alizunguka ofisi nzima akilinganisha namba, kisha akashuka ghalani. Pale nyuma ya makreti ya pampu kulikuwa na kompyuta kuukuu ambayo Ramadhan, mpakiaji, aliiwasha kila asubuhi kutazama orodha ya mizigo na kuizima jioni. Programu ya barua ya mzee iliwekwa humo miaka iliyopita, na ilikuwa imehifadhi lile neno lake la zamani. Kila dakika kumi ilikwenda kwa seva kuuliza kama kuna barua, ikatoa neno ambalo halikubaliki tena, ikarudishwa.

"Hii hujiwashia yenyewe barua za Mzee," Ramadhan alisema. "Kwani ina shida?"

Selina alipanda ngazi. Alihesabu: Jumanne mpaka Ijumaa, hamsini na nne kwa siku, Jumamosi nusu siku, thelathini. Mia mbili arobaini na sita. Mtu pekee aliyetii tangazo lake ndiye aliyefukuzwa kwa kutii.

Akarudi kwenye kumbukumbu za wiki ya zabuni na kusoma mstari kwa mstari, na mchana ule hakula. Alhamisi, saa saba na dakika kumi na mbili. Harshida, ameshindwa. Harshida, ameshindwa. Harshida, ameshindwa. Harshida, ameingia. Namba ya kompyuta ilikuwa ya Kartik. Alhamisi ile Bi. Harshida alikuwa Kisutu tangu asubuhi kwenye maandalizi ya harusi ya ndugu yake. Selina mwenyewe ndiye aliyemwitia teksi. Na neno lake la siri, kila mtu ofisini alijua, lilikuwa Krupa, jina la bintiye.

Alimpigia simu Vitalis, akamsomea.

"Ndiyo huyo," Vitalis alisema. "Si ulipata ule mstari wa mwisho kwenye ripoti?"

"Niliuondoa."

"Basi chapa haraka. Seva inatunza wiki nne tu, baada ya hapo inafuta."

Selina alichapa, akagonga mlango wa bosi, akaufunga nyuma yake. Alieleza yote, kompyuta ya ghala kwanza, kisha Alhamisi. Bwana Shashikant alisikiliza bila kumkatiza. Alimwita mkewe, akampa karatasi. Bi. Harshida aliisoma, akakaa.

"Labda nilimpa mimi neno langu," alisema polepole. "Labda nilimwomba anitazamie kitu."

"Ulimpa?"

Mkewe akamrudishia karatasi. Bwana Shashikant alikunja karatasi mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa shati.

"Nani mwingine ameona?"

"Vitalis, kwa simu. Bosi, Mzee Eliasi tunamrudisha lini?"

"Kartik ni mtoto wa marehemu dada yangu," alisema, kana kwamba ndilo lililoulizwa. "Na Eliasi nikimrudisha, watu watauliza basi ni nani. Nitamwandikia barua nzuri. Umefanya kazi vizuri, Selina. Endelea na ripoti zako."

Mwisho wa mwezi Kartik alipelekwa Mwanza kufungua tawi.

Barua nzuri Selina aliipeleka mwenyewe Ilala, Jumapili. Mzee Eliasi alikuwa barazani, akitengeneza mguu wa meza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Hakumkaribisha kiti; Selina akakaa kwenye ngazi. Alimweleza yote, hata Kartik, hata karatasi iliyoishia kwenye mfuko wa shati la bosi. Mzee aliendelea kupiga msumari mpaka Selina alipomaliza, kisha akaweka nyundo chini.

"Ile karatasi ya kwanza uliiandika wewe?"

"Mimi."

"Na ulijua ni kompyuta ya ghala?"

"Sikujua."

"Hukujua." Aliitazama bahasha, hakuigusa. "Meza yangu ilikuwa hatua nane kutoka kwako, Selina. Ungesema tu, Mzee, mbona jina lako linagonga hivi? Ningekwambia kuna ile ya chini. Ningekumbuka."

Selina alianza kusema samahani. Mzee akainua mkono, si kwa hasira.

"Barua yake mrudishie. Sitaki kusifiwa na mtu anayejua sina kosa."

Kisha akamwita mkewe amletee mgeni maji, akaokota nyundo. Selina alikunywa maji yale yote, kwa sababu kuyaacha kungekuwa kosa jingine, akaaga, na mzee akaitikia bila kuinua uso.

Jumatatu iliyofuata aliandika ripoti ya kurasa nne, mstari wa mwisho ukiwa juu kabisa. Alizunguka kwanza meza kwa meza, akamwuliza kila mtu ambaye jina lake lilitokea. Kisha akaipeleka. Bwana Shashikant aliuchana ukurasa wa kwanza kutoka kwenye pini, akautia kwenye faili, na kumrudishia tatu zilizobaki.

"Moja inatosha," alisema.