Fundo Lisilokatwa

Siku ile mahakamani nilikuwa nimefura kwa hasira. Baba yangu seremala alitengeneza milango ishirini ya hoteli, na mwenye hoteli akairudisha yote siku ileile aliyoletewa. Mkataba ulisema ataipokea "akiridhika," na wakili wake alilishikilia neno hilo.

"Hakuridhika, basi! Hakuna kifungu kinachomdai nia njema."

"Tumekwisha," nikamnong'oneza baba.

"Tulia, mwanangu."

Hakimu akaagiza mlango mmoja uletwe. Uliingia ungali umeviringishwa magunia na kamba. Baba ana fundo lake. Hulifungui bila kukata kamba. Hakimu akashuka kitini, akalipapasa kwa vidole. Kamba ilikuwa nzima, haijakatwa popote.

"Yote ilirudi hivi?"

Mwenye hoteli akainamisha kichwa. "Ndiyo, mheshimiwa."

"Ni kweli nia njema haikuandikwa," hakimu akasema polepole, "na mahakama haiwatungii watu mikataba mipya. Lakini mkataba ukimpa mtu uwezo wa kuamua, tunachukulia kwamba ameahidi kuamua kwa uaminifu. Kutoridhika ni haki yake. Ila huwezi kusema hukuridhika na kitu ambacho hukukitazama."

Ahadi ile haikuwamo kwenye karatasi yoyote, na bado ilikuwa imetushika sote tangu siku ya kutia saini.

Hukumu ilipokwisha, baba aliazima mkasi wa karani, akamkabidhi mwenye hoteli.

"Haya, bwana mkubwa. Ufungue kwanza, ndipo uukatae."