Chaguo B Lililorembwa Kupita Kiasi

Mimi nikitunga mtihani, nimetunga. Miaka kumi na tisa nafundisha somo la biashara kwa watu wazima, na hakuna aliyewahi kuniambia swali langu lina kasoro akatoka ofisini kwangu bado anatabasamu. Kwa hiyo Mama Fremu alipoingia siku ile na karatasi yake mkononi, nilimwona wa kumaliza naye haraka.

Tunamwita hivyo kwa sababu anatengeneza fremu za picha. Katika mtihani wangu alipata alama ishirini na nne, na wa kusajiliwa mtihani wa taifa ni kuanzia ishirini na tano. Chuo cha ufundi kilikuwa tayari kumwajiri afundishe kazi yake, mradi alete cheti. Orodha ya majina ilikuwa inafungwa saa nane mchana. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro kumi.

"Mwalimu, namba kumi na saba umenionea."

"Mimi?" Damu ilinipanda. "Hebu soma swali kwa sauti."

Akasoma. "Kifo cha mmiliki huvunja biashara ipi kisheria? A, kampuni yenye dhima ya kikomo. B, ubia usio na mkataba. C, biashara ya mtu mmoja. D, shirika la umma."

"Jibu ni C. Biashara ya mtu mmoja na mwenyewe ni kitu kimoja mbele ya sheria. Madeni yake ni yake mpaka kitanda anacholalia, na akifa, biashara imekwisha. Kwenye ubia, mama, wenzake wanabaki!"

"Wanabaki, sawa. Lakini ubia haubaki."

Nikafungua mdomo nimkatize. Akanizuia kwa kiganja, taratibu tu, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko.

"Karakana yangu ya fremu nilikuwa nayo na kaka yangu, nusu kwa nusu. Mkataba hatukuandika, nani anaandikiana na kaka yake? Alipofariki nikaenda kuhuisha leseni. Wakaniambia, pole mama, ubia wenu umevunjika siku ile ile aliyokufa, anza upya kwa jina lako. Nyundo zile zile, meza ile ile, mimi yule yule. Nilirudi nyumbani nikalia kama nimemzika mara ya pili. Halafu wewe unanipiga kosa!"

Nikafungua kabati, nikatoa daftari langu la kufundishia, lile lenye jalada la kijani. Ukurasa wa arobaini, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mbia akifariki ubia huvunjika, isipokuwa kama mkataba umesema vingine.

Yaani! Nilijua vizuri sana nilivyofika hapo. Mwanzoni B lilikuwa neno moja tu, "ubia". Nikaona halivutii, wanafunzi watalipita bila kulitazama. Nikalirembesha kwa "usio na mkataba" ili liwatege, nikajipongeza kwa ujanja wangu, nikalala usingizi mnono. Kwa maneno yale matatu nilikuwa nimelifanya kuwa kweli.

"Nimekosea," nikasema. Neno lenyewe lilitoka kwa shida.

"Sema tena, Mwalimu, sikio hili lina vumbi la mbao."

"Nimekosea, mama! Umefurahi?"

"Sana!" akasema, na kweli alikuwa amefurahi mpaka kiti kinalia.

Mtunzi asiye na aibu angempa alama yeye peke yake. Mimi nilimwaga karatasi zote thelathini mezani: aliyechagua C abaki na alama yake, aliyechagua B naye apewe. Mama Fremu ananisomea majina, mimi narekebisha. Watu tisa walipanda, wawili kati yao wakavuka mstari pamoja naye. Saa nane kasoro dakika tano tulikuwa tunakimbia koridoni, mimi na kitambi changu mbele, yeye nyuma akinihimiza kama mkufunzi wa mbio. Mwalimu wa taaluma aliipokea orodha, akalitazama jasho langu, akacheka mpaka akashika meza. Akagonga muhuri.

Mama Fremu akapiga kigelegele. Madarasa matatu yalichungulia madirishani.

Kisha akatulia, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mwalimu, na hii niliyonayo sasa, ya mtu mmoja, nikifa inakufa na mimi?"

"Kisheria, ndiyo."

"Na kampuni?"

"Kampuni mbele ya sheria ni mtu anayejitegemea. Wenye hisa wanakufa, hisa zinarithiwa, yenyewe inaendelea."

"Basi mshahara wa kwanza wa chuo nasajili kampuni. Hisa mimi na binti yangu, na jina naweka la kaka." Alivuta pumzi. "Safari hii hafi tena."

Nilitafuta kasoro katika hilo, kama nilivyozoea, nikaikosa.